Wimbo wa Kuimbwa Jembe Likiwa Mkononi

Kwaya ikialikwa kwenye ibada ya kupanda miti, mara nyingi hubeba wimbo wake wa Jumapili: sauti nne, kinanda, beti tatu za kusifu uumbaji. Kanisani wimbo huo unapendeza. Ukiupeleka ukingoni mwa mto, Kimandolu, watu wametapakaa kwenye mteremko, huyu anachimba, yule anateka maji, unafifia kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Kinanda hakina umeme, besi wameshika majembe, na usharika uliokuja kushiriki umegeuka kuwa watazamaji. Ibada ya namna hii inahitaji wimbo uliotungwa kwa ajili yake, na kuutunga si kazi ngumu kwa mwalimu wa kwaya anayejua mambo machache.

La kwanza ni umbo. Hapa Arusha hatuna haja ya kwenda mbali kulitafuta. Miaka ya 1960, katika chuo cha theolojia cha Makumira, kwenye barabara hii hii ya Moshi kabla ya kufika Usa River, mwalimu Howard Olson aliwahimiza wanafunzi watumie tuni za makwao kwa maneno ya kanisa, na kazi hiyo ikazaa kitabu cha Tumshangilie Mungu. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, aliyekuwa akisoma hapo, alitunga Mfurahini Haleluya kwa tuni ya Kihaya, na leo Walutheri wanaiimba Pasaka karibu kila bara. Mtu asiyejua beti zake bado anashika kiitikio na kuimba na wenzake. Waarusha nao wana desturi ya kiongozi kutoa mstari na kundi kuuitikia kwa maneno yale yale, kwa muda wowote ule. Hilo ndilo linalotakiwa shambani. Shimo la mche likishachimbwa, kuweka mche, kurudishia udongo, kushindilia na kumwagilia kunachukua dakika kadhaa, na hakuna mtu anayemaliza sawa na mwenzake. Wimbo wa beti tatu utakwisha watu wakiwa katikati ya kazi. Wimbo wa kuitikiana unarefushwa au kukatwa na kiongozi anayetazama mikono ya watu.

Sasa maneno. Tuchukue Mto Themi, unaoshuka kutoka Meru, ukapita mjini Arusha, ukaingia Kikuletwa, halafu maji yake yakaenda bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Mto Pangani hadi baharini. Njia hiyo peke yake ni mpangilio wa wimbo. Mshororo mmoja wa mizani nane kwa kiongozi, mmoja wa mizani nane kwa wote:

Themi, umetoka wapi?
Ni Mungu amenituma.
Sasa unaenda wapi?
Ni Mungu amenituma.
Pangani wanakungoja.
Ni Mungu amenituma.

Waitikiaji wana mshororo mmoja tu, kwa hiyo mtoto wa shule ya Jumapili na jirani Mwislamu aliyekuja na jembe lake wote wanaweza kuingia bila karatasi. Kiongozi ndiye anayebadilisha. Angalia pia kwamba habari ya zawadi ya Mungu haikutangazwa kama mahubiri. Mto umetumwa, na una watu wanaoungoja huko chini, ndiyo maana aliye juu hana haki ya kuutumia kana kwamba unaishia kwake. Zaburi ya 104 inakwenda kwa mpangilio unaofanana na huo: chemchemi zinatangulia mabondeni, wanyama wanakunywa, miti na viota vya ndege vinafuata baadaye. Anayetaka somo la ibada litakalokaa pamoja na wimbo, alichukue hilo.

Kuna mtego katika maneno mawili ambayo kila mtunzi atayakimbilia, mto na mti. Mkazo wa neno la Kiswahili unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na katika maneno haya silabi hiyo ni "m" peke yake, midomo ikiwa imefungwa. Ukiiweka kwenye noti ndefu yenye mkazo, kanisani utasikia mvumo mzuri, lakini nje, mita thelathini kutoka kwa kiongozi, hutasikia kitu. Tumia wingi, mito na miti, ambao unafungua kinywa, au utaje jina. Kijenge, Naura, Nduruma, yote yanaimbika. Nimejaribu kuingiza sheria ya mazingira ya mwaka 2004, inayolinda mita 60 kutoka ukingoni, na "mita sitini za mto" ina mizani nane kamili, ila inaishia pale pale kwenye mtego. Nikaipindua: "mito na mita sitini". Si ushairi mkubwa, lakini watu waliondoka wakiijua namba.

Kutaja majina kuna faida nyingine, na hapa mtunzi anaingia kwenye kazi ya bwana misitu. Wimbo unaosema "tupande miti" tu huwaleta watu na miche yoyote waliyoipata, na mara nyingi ni mikaratusi, kwa sababu inakua haraka na inauzika. Mkaratusi unakunywa maji mengi, na ukingo wa mto si mahali pake. Kiongozi aite mringaringa, mkuyu, msesewe, na orodha ya wimbo iwe ndiyo orodha ya kitalu. Vivyo hivyo usiimbe kwamba mti utaleta mvua kesho yake. Kazi ya msitu wa Meru inayoonekana kwetu huku chini ni kwamba udongo wake unafyonza mvua ya masika na kuiachilia polepole kupitia chemchemi, ndipo mto unakuwa na maji hata mwezi wa tisa.

Ubeti mmoja uwe wa maelekezo. Katika sherehe hizi utakuta mche umefukiwa pamoja na kiriba chake, kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa na haraka au hakuambiwa. Mizizi inajizungusha ndani ya nailoni na mche unadumaa, hata kama juu unaonekana mzima kwa miezi. Kiongozi aimbe "chana kiriba uweke" wakati miche inagawiwa, arudie, na asihamie mshororo mwingine mpaka aone viriba vitupu vinakusanywa. Wakati wa maandamano kutoka kanisani tarumbeta zitangulie, maana zinasikika bila jenereta. Kwenye mashimo zinyamaze, zisimfunike kiongozi.

Limebaki suala la tarehe. Majira ya Uumbaji, yanayoadhimishwa na makanisa mengi duniani kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 4, yanaangukia kiangazi cha Arusha. Ukipanda wakati huo bila mpango wa kumwagilia, unazika miche. Masika yetu ni Machi hadi Mei, na Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, hivyo Jumapili zinazofuata Pasaka ndizo za kupanda, na nyimbo za ufufuo zinakubaliana na udongo uliolowa. Septemba kwaya irudi ukingoni na ndoo. Kiongozi apite mche kwa mche akiimba swali lake la kwanza, na waitikie wale waliopangiwa mche huo. Penye ukimya ujue mche umekufa au mwenye kuutunza hakuja, na mzee wa kanisa aandike shimo hilo lipandwe upya vuli, mvua zikianza.