Milimita 115: rangi nyekundu ya utepe inaanzia wapi?

Utepe wa kupimia utapiamlo unajulikana kwa karibu kila mama aliyewahi kupeleka mtoto kliniki. Mhudumu wa afya huuzungusha kwenye mkono wa kushoto, katikati ya ncha ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia tu bila kukazwa, kisha husoma namba kwenye kidirisha. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, milimita 125 na kuendelea ni kijani. Kuanzia 115 hadi chini kidogo ya 125 ni njano. Chini ya 115 ni nyekundu: mtoto anahesabiwa kuwa na utapiamlo mkali, na anaanzishiwa chakula dawa.

Zamani nyekundu ilianzia milimita 110. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliipandisha hadi 115. Miili ya watoto haikubadilika mwaka huo. Kilichobadilika ni uamuzi wa watu wazima kuhusu mahali pa kukata. Kipimo chochote kinachotoa namba, kiwe cha sukari, cha shinikizo la damu au cha mkono, hakisemi chenyewe nani ni mgonjwa. Lazima mtu achore mstari, na chombo kinachomsaidia kuona anachopata na anachopoteza kwa kila mstari ni mchoro uitwao ROC. Herufi hizo zimetokana na jina la Kiingereza la sifa za utendaji wa kipokezi, kwa sababu fikra hii ilikulia kwenye rada za Vita Kuu ya Pili, ambako mtazamaji alitakiwa kuamua kama alama hafifu kwenye kioo ni ndege au ni kelele tu.

Tuuchore wenyewe, kwa watoto 15 wa kubuni. Watano kati yao, baada ya uchunguzi kamili, wamethibitika kuwa na utapiamlo mkali. Mikono yao ina milimita 106, 109, 112, 114 na 119. Kumi waliobaki hawana tatizo hilo, na mikono yao ni 113, 118, 121, 124, 126, 129, 131, 134, 138 na 142. Tazama namba zinavyoingiliana: kuna mtoto mzima wa 113 na mgonjwa wa 119. Laiti zisingeingiliana, tungekata katikati na kwenda zetu.

Tukikata kwenye 110 ya zamani, tunanasa wagonjwa wawili kati ya watano, yaani asilimia 40, na hatumsingizii mzima hata mmoja. Tukipanda hadi 115 tunanasa wanne, asilimia 80, lakini yule mzima wa 113 anaingia kimakosa, kwa hiyo tumewasingizia asilimia 10 ya wazima. Kwenye 120 tunawanasa wagonjwa wote na kuwasingizia wazima wawili. Kwenye 125 hatuongezi mgonjwa yeyote, maana wote tunao tayari, ila wanaosingiziwa wamefika wanne. Sasa weka asilimia ya waliosingiziwa kwenye mstari wa chini wa grafu, na asilimia ya walionaswa kwenye mstari wa kusimama. Kila mkato unakuwa nukta moja. Unganisha nukta hizo kuanzia kona ya chini kushoto hadi kona ya juu kulia, na umepata mchoro wa ROC.

Kipimo kisicho na maana, sawa na kurusha shilingi, kingefuata mshazari unaounganisha kona hizo mbili. Kipimo kizuri hukimbilia juu kushoto na kuacha eneo kubwa chini yake. Ukubwa wa eneo hilo, linaloandikwa kwa kifupi AUC, ni 0.5 kwa shilingi na 1 kwa kipimo kisichokosea. Huhitaji kupima eneo kwa rula. Mchukue mgonjwa mmoja na mzima mmoja, uulize: je, mgonjwa ndiye mwenye mkono mwembamba zaidi? Kwa watoto wetu kuna jozi 50. Wagonjwa wa 106, 109 na 112 wanawazidi wembamba wazima wote kumi. Yule wa 114 anashindwa na mmoja tu, yule wa 113, hivyo ana tisa. Wa 119 ana nane. Jumla ni jozi 47 kati ya 50, na AUC ni 0.94. Namba hiyo haina maana nyingine zaidi ya hapo.

Ni namba ya kupendeza, na ndiyo watafiti wengi wanayoitangaza kwanza. Lakini haikuambii ukate wapi. Inachanganya mikato yote, hata ile ambayo hakuna daktari angeitumia.

Njia iliyozoeleka ya kuchagua mkato ni ile aliyoipendekeza William Youden mwaka 1950: toa asilimia ya waliosingiziwa kwenye asilimia ya walionaswa, uchukue mkato wenye salio kubwa kuliko yote. Kwetu 110 inatoa 40, 115 inatoa 70, 120 inatoa 80, na 125 inatoa 60. Youden angetuambia tukate 120.

Mimi nisingekubali haraka hivyo. Hesabu hiyo inachukulia kwamba kumkosa asilimia moja ya wagonjwa kuna uzito sawa na kumsingizia asilimia moja ya wazima, na haiulizi wagonjwa ni wangapi kijijini. Peleka mikato yetu kwenye kata yenye watoto 1,000, ambao 20 kati yao wana utapiamlo mkali. Mkato wa 115 unanasa 16 na kuwasingizia 98. Mkato wa 120 unawanasa wote 20, ila unawasingizia 196. Watoto wanne wamepatikana kwa gharama ya wengine 98 kuingizwa kwenye matibabu wasiyoyahitaji, na tiba ya mtoto mmoja inakaribia kumaliza katoni nzima ya pakiti 150 za chakula dawa. Stoo ikiwa na katoni 120 tu, mkato wa 120 utazimaliza kabla wagonjwa wote hawajafika mezani. Stoo ikijaa, huenda wanne hao wanastahili gharama hiyo. Mchoro haujui stoo yako ina nini.

Katika maisha halisi hali ni nafuu kuliko mfano wetu, kwani kwenye jamii inayokula vizuri chini ya mtoto mmoja kati ya mia ana mkono usiofika milimita 115. Hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya upandishaji wa 2009 uwezekane: walionaswa waliongezeka, waliosingiziwa walibaki wachache.

Ukisoma utafiti unaotangaza mkato mpya, angalia kwanza idadi ya wagonjwa. Kwenye mfano wetu, kama badala ya mgonjwa wa 119 angekuja mwingine mwenye 125, salio la 120 lingeshuka hadi 60 na Youden angehamia 115. Mtoto mmoja ametusogezea mstari kwa milimita tano. Ndiyo maana mkato uliochaguliwa kwa kundi moja hujaribiwa kwa kundi jingine, na mara nyingi huko haung'ari tena vile.

Swali la pili ni zito zaidi: nani aliamua kwamba wale watano ni wagonjwa? Ukimfanya uzito kwa urefu kuwa hakimu, utepe unaonekana dhaifu, kwa sababu vipimo hivi viwili huchagua kwa sehemu kubwa watoto tofauti. Lakini utafiti wa hospitali ya wilaya ya Kilifi, uliochapishwa mwaka 2005, ulimweka hakimu mwingine: kati ya watoto waliolazwa, ni nani walifia wodini? Hapo utepe haukushindwa na uzito kwa urefu, ingawa hauhitaji mizani wala ubao wa kupimia urefu. Kipimo ni kilekile. Hakimu akibadilika, eneo chini ya mchoro nalo hubadilika.

Rangi ya njano nayo ni mkato wa pili juu ya mchoro uleule. Pale 125 wazima wengi husingiziwa, lakini kusingiziwa njano kunamgharimu mama safari moja ya kurudi kupimwa na ushauri wa lishe, si katoni ya chakula dawa. Kosa likiwa rahisi, mkato unaweza kwenda mbali zaidi kulia.