Bua Fupi, Suke Zito

Mkulima wa mpunga katika Asia ya kitropiki miaka ya 1950 hakuwa na shida ya kukosa mbolea tu. Hata alipoipata, mpunga wake haukuweza kuitumia. Aina za zamani, kama Peta iliyotoka Indonesia na kulimwa sana Ufilipino, zilikuwa ndefu kupita mita 1 na nusu, na majani yake yalikuwa marefu ya kuning'inia. Kwa shamba lisilotiwa chochote zilifaa sana: ziliyapita magugu mapema, zilivumilia maji yakipanda, na mabua yake yalilisha mifugo. Zikitiwa urea, hata hivyo, nguvu yote ilikwenda kwenye majani na urefu. Msimu wa mvua mkulima angeweza kuongeza mbolea akavuna pungufu ya jirani yake asiyetia kitu, kwa sababu mpunga wake ulilala kabla haujakomaa.

Aliyewahi kuona jaruba la mpunga uliolala anajua hasara yake, lakini inafaa tutazame kinachotokea ndani ya bua. Naitrojeni huufanya mmea utoe machipukizi mengi na majani mapana. Majani hayo yanafunika shamba, na mwanga haufiki chini. Pingili za chini za bua, zile mbili au tatu za kwanza juu ya ardhi, zikikosa mwanga hurefuka kuutafuta, na zikirefuka kwa haraka kuta zake hubaki nyembamba na laini. Zibonye kwa vidole, utaona zinabonyea kirahisi. Wakati huohuo, juu kabisa, suke linajaa na kuwa zito. Kwa hiyo mbolea ileile iliyoongeza mzigo ndiyo iliyodhoofisha mguu unaoubeba.

Kisha inakuja mvua ya jioni yenye upepo. Maji yanang'ang'ania kwenye suke na majani, uzito unaongezeka, na upepo unasukuma kutoka juu. Nguvu inayokunja bua pale chini inategemea vitu viwili: uzito ulioko juu, na umbali kutoka ardhini hadi uzito huo ulipo. Ni kama kubeba ndoo ya maji kwenye ncha ya mti: ndoo haijabadilika, lakini kadiri mti unavyokuwa mrefu ndivyo mkono unavyoshindwa kuuzuia usiiname. Suke lililoko mita 1.5 kutoka ardhini, likisukumwa na upepo uleule, linakunja shina kwa nguvu iliyozidi kwa nusu ile ya suke la uzito huohuo lililoko mita 1. Na huko juu upepo wenyewe huwa mkali zaidi.

Mmea ukishalala, majani yanalaliana na ya chini yanashindwa kutengeneza chakula. Mirija inayopeleka maji na sukari kwenye suke imekunjika. Ukilala mara tu baada ya kuchanua, punje nyingi hubaki mapepe. Ukilala karibu na mavuno, punje zimeshajaa lakini ziko kwenye maji na tope: zinaoza, zinaota zikiwa bado kwenye suke, au zinaliwa na panya. Kuvuna kwa mundu kunachukua muda mrefu, na mashine ya kuvuna huacha mpunga mwingi shambani.

Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga ilipoanza kazi Los Baños, Ufilipino, wataalamu wake hawakutafuta kwanza mpunga wenye suke kubwa. Walitafuta mpunga usiolala. Mwaka 1962 mzalishaji wa mbegu Peter Jennings alifanya michanganyiko kadhaa kati ya aina ndefu za kitropiki na aina fupi za Taiwani. Mchanganyiko wa nane ulikuwa wa Peta na aina fupi iitwayo Dee-geo-woo-gen. Ukapata punje 130 tu.

Punje hizo zilipooteshwa, mimea yote ilikuwa mirefu. Mtu asiyejua urithi wa jeni angekata tamaa hapo. Jennings alikusanya mbegu zake akapanda kizazi cha pili, mimea kama 10,000, na humo robo hivi ikatoka mifupi na robo tatu mirefu. Uwiano huo ulikuwa habari kubwa. Kila mmea hubeba nakala mbili za kila jeni, moja kutoka kwa kila mzazi, na robo kutoka mifupi maana yake ufupi huu unasimamiwa na jeni moja tu, inayojitokeza pale nakala zote mbili zinapokuwa za ufupi. Kama urefu ungetegemea jeni nyingi zenye nguvu ndogondogo, wangepata mimea ya kila kimo na kazi ya kuchagua ingechukua miaka mingi. Hapa waliweza kung'oa mirefu yote na kubaki na mifupi, wakijua kwamba watoto wake hawatarudi kuwa mirefu.

Henry Beachell, aliyejiunga na taasisi mwaka 1963, aliendelea kuchagua kizazi baada ya kizazi. Katika mstari wa 288 mmea wa tatu ulimvutia, ukaitwa IR8-288-3: mchanganyiko wa 8, mstari wa 288, mmea wa 3. Ulikuwa na kimo cha kama mita 1, bua nene, machipukizi mengi, na majani yaliyosimama wima yanayoruhusu mwanga ufike chini. Mtaalamu wa kilimo Surajit De Datta aliupima kwa viwango mbalimbali vya mbolea mwaka 1966, akavuna zaidi ya tani 9 kwa hekta katika nchi ambayo mkulima wa kawaida alipata tani 1 au 2. Novemba mwaka huohuo ukatolewa kwa wakulima kwa jina fupi, IR8.

Tupige hesabu ya kilichobadilika. Kiwango cha naitrojeni ambacho IR8 ilikimudu vizuri msimu wa jua ni kama kilo 120 kwa hekta. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, kwa hiyo hiyo ni kama kilo 260 za urea, mifuko mitano ya kilo 50 na kidogo, au mifuko miwili na kidogo kwa ekari. Umwagie mpunga kama Peta kiasi hicho, utalala. IR8 ilisimama nacho mpaka siku ya kuvunwa. Hilo ndilo jambo ninalotaka lieleweke sawasawa: jeni ya ufupi haitengenezi punje hata moja. Inachofanya ni kusogeza juu ule mpaka ambao zamani mbolea ikiuvuka iligeuka kuwa hasara.

Kuna faida ya pili inayoambatana na hiyo. Chakula ambacho mmea haukukitumia kujenga bua refu kinabaki kwa ajili ya suke. Katika mpunga wa zamani punje zilikuwa kama asilimia 30 ya uzito mkavu wa mmea ulio juu ya ardhi, na nyingine yote mabua na majani. Katika aina fupi punje hukaribia nusu.

Ngano ilipita njia inayofanana, ikaanzia Japani. Mzalishaji wa mbegu Gonjiro Inazuka alitoa aina fupi iitwayo Norin 10 mwaka 1935. Baada ya vita, mwaka 1946, Mmarekani Cecil Salmon aliiona shambani Japani, akapeleka mbegu Marekani, ambako Orville Vogel wa jimbo la Washington aliichanganya na aina ya huko iitwayo Brevor. Vogel alimpa mbegu Norman Borlaug aliyekuwa Meksiko. Jaribio la kwanza la Borlaug liliangamizwa na kutu ya ngano, la pili likafaulu, na mwaka 1962 zikatoka ngano fupi za Pitic 62 na Penjamo 62. Miaka minne baadaye India iliagiza tani 18,000 za mbegu fupi kutoka Meksiko.

Kwa nini jeni hizi hufupisha mmea lilikuwa fumbo kwa miongo kadhaa, na jibu lake lilikuwa limejificha kwenye ugonjwa. Japani na Taiwani kuna kuvu anayefanya miche ya mpunga irefuke ovyo, ipauke, ianguke na kufa. Mwaka 1926 Eiichi Kurosawa alionyesha kwamba majimaji ya kuvu huyo, hata yakichujwa, yanarefusha mpunga. Kitu kilichokuwa humo kikaja kuitwa jiberelini, na ikagundulika kwamba mimea yenyewe huitengeneza kama homoni yake ya kurefuka.

Mpunga mfupi wa Taiwani una kipande kilichokatika katika jeni inayotengeneza kimeng'enya cha hatua mojawapo ya kuunda jiberelini, jambo lililothibitishwa mwaka 2002. Homoni haiishi kabisa, kwa sababu mmea una jeni nyingine ya aina hiyo inayofanya kazi zaidi kwenye maua. Ndiyo maana bua hufupika na suke linazaa kama kawaida. Ngano ya Norin 10 ni tofauti. Homoni inayo tele, ila haiitikii: protini ambayo kwa kawaida huzuia ukuaji, na ambayo jiberelini huiondoa, imebadilika isiondoleke. Unaweza kuzitofautisha kwa jaribio rahisi. Nyunyizia jiberelini mpunga wa IR8, utarefuka. Nyunyizia ngano fupi, itabaki ilivyo.

Kwa wasomaji wa Tanzania jambo hili liko karibu. Supa, mpunga unaopendwa kwa harufu na ladha, ni mrefu na hulala ukizidishiwa urea. SARO 5, ambayo wataalamu huiita TXD 306, ni fupi zaidi na inaitikia mbolea vizuri. Kupanda SARO 5 bila mbolea ni kununua nusu tu ya faida yake.

Ufupi nao una gharama. Wali wa IR8 ulikuwa mgumu ukipoa, punje zilivunjika kuwa chenga wakati wa kukoboa, na magonjwa ya mpunga yaliishambulia vibaya, ikabidi aina nyingine fupi zitolewe upesi kuchukua nafasi yake. Hizo ni kasoro za IR8 yenyewe, lakini nyingine zinatokana na ufupi. Mpunga mfupi unazama pale mafuriko yanapopanda, na usipopaliliwa mapema magugu huupita. Ngano yenye jeni za Norin 10 ina ala fupi ya kufunika chipukizi, kwa hiyo ikifukiwa kina kirefu kufuata unyevu kwenye ardhi kavu, haifiki juu.

Na hata aina fupi ina mpaka wake. Mkulima akimwaga urea yote mara moja wakati pingili za chini zinarefuka, mimea ikiwa imesongamana, mpunga wa mita 1 nao hulala. Dalili huonekana mapema: majani ya kijani iliyokolea mno, yenye kulegea na kuinama, na giza chini ya mimea hata adhuhuri. Kwa sababu hiyo urea hugawanywa, sehemu ikatiwa mapema kwa ajili ya machipukizi na nyingine suke linapoanza kuumbika ndani ya bua, wakati mmea unaipeleka zaidi kwenye punje kuliko kwenye pingili.