Kwa Nini Jibu Ni 1089

Watoto wa shule huchezeana hivi: fikiria namba, zidisha kwa mbili, ongeza nane, gawanya kwa mbili, halafu toa ile namba uliyoifikiria. Muulizaji hujibu papo hapo: "Umebaki na nne!" Mwenzake hushangaa, maana namba yake hakumtajia mtu.

Wala hakukuwa na haja ya kuitaja. Namba hiyo ikipewa herufi x, hatua zake ni 2x, kisha 2x + 8, kisha x + 4. Amri ya mwisho inaiondoa x yenyewe, na kinachobaki ni nusu ya ile nane aliyoileta muulizaji. Anayetaka jibu liwe 7 huagiza kuongeza 14.

Mchezo huu hugundulika upesi, kwa sababu ile amri ya kutoa namba ya mwanzo inafichua siri. Ulio mtamu zaidi ni ule wa 1089, ambao x yake hufutika bila mtu kuona. Mchezaji huandika namba ya tarakimu tatu, ya kwanza ikiwa kubwa kuliko ya mwisho, tuseme 742. Anaigeuza kuwa 247 na kuitoa: 742 − 247 = 495. Kisha anageuza 495 kuwa 594 na kujumlisha hizo mbili. Anapata 1089. Akianza na 815 anapata kwanza 297, na 297 + 792 ni 1089 vilevile.

Tarakimu zikiwa a, b na c, namba ya kwanza ni 100a + 10b + c, na iliyogeuzwa ni 100c + 10b + a. Katika kutoa, 10b inafutana na 10b, kwa hiyo tarakimu ya katikati haina kauli yoyote. Inabaki 99a − 99c, yaani 99 mara tofauti ya a na c. Tofauti hiyo iitwe k. Haiwezi kuwa chini ya 1 wala kuzidi 9.

Sasa 99k ni sawa na 100k − k. Mia moja ikiazimwa ili k itolewe, mamia yanabaki k − 1, makumi yanakuwa 9, na mamoja 10 − k. Kwa 742, k ni 5, na tarakimu zinatoka 4, 9, 5. Namba hii ikigeuzwa, mamia na mamoja hubadilishana nafasi; ndiyo maana katika kujumlisha k − 1 hukutana na 10 − k pande zote mbili, na jumla yao ni 9 tu. Mamia ni 900, makumi mawili ya tisa ni 180, mamoja ni 9. Hakuna k tena.

Kuna mahali mchezo huteleza. Aliyechagua 574 hupata 574 − 475 = 99, akageuza 99 kuwa 99 na kuishia 198. Huyo aambiwe aandike 099, ili ikigeuzwa iwe 990, na 99 + 990 ni 1089. Aliyechagua 656 hapati kitu, kwa kuwa k yake ni sifuri.