Jicho moja la jogoo

Mtoto anayeanza kusoma Kifaransa hukutana na jogoo mapema. Jina lake ni fupi, "coq", na herufi ya mwisho hutamkwa: kok. Mbweha ni "renard", na hapo d ya mwisho huandikwa tu, haisikiki. Hata mlio wa jogoo hauhitaji tafsiri. Mfaransa huandika "cocorico", nasi husema kokoriko.

Zamani mbweha hakuitwa hivyo. Wafaransa walimwita "goupil", na Renart lilikuwa jina la mbweha mmoja tu, mhusika wa visa vya kishairi vilivyoanza kuandikwa katika karne ya 12. Visa hivyo vilipendwa hata jina la mhusika likalifukuza jina la mnyama. Jogoo mwenye majivuno anatoka humohumo, na jina lake ni Chantecler. Ameota kiumbe chenye koti jekundu ambalo shingo yake imezungushiwa mifupa. Mkewe, Pinte, anamwambia kwamba koti ni manyoya ya mbweha na mifupa ni meno. Jogoo anampuuza, anarudi kulala juani.

Wengi humchanganya na jogoo wa La Fontaine, aliyechapisha ngano zake mwaka 1668 na kumtunukia mwana wa mfalme, mtoto wa miaka sita. Jogoo yule ni mzee, yuko juu ya tawi, macho yote wazi. Mbweha anamletea habari za amani baina ya wanyama wote. Jogoo anajibu kwamba anaona mbwa wawili wakija mbio, na mbweha anaaga upesi. Kisa kizuri, lakini majivuno hayamo.

Kwa mwanafunzi mdogo mimi humchukua Chantecler, na kazi ya kwanza ni kuchagua njeo. Vitabu vya Kifaransa husimulia kwa njeo ya maandishi, "il chanta", ambayo katika mazungumzo ya kila siku haisikiki. Inafanya kazi kama -ka- yetu katika "akaimba", ila -ka- mtoto ameisikia kwa bibi yake, na "chanta" hajaisikia popote. Kwa hiyo hadithi huandikwa katika wakati uliopo. Kuna faida nyingine: "je chante", "tu chantes", "il chante", "ils chantent" huandikwa kwa namna tatu, lakini sikioni kitenzi ni kimoja, shant. Mtoto akijua sauti hiyo moja, ameshajua nusu ya hadithi.

Mbweha anaingia uani na kumwita jogoo "cher cousin", binamu mpendwa. Anamvika kilemba cha ukoka: sauti yako nzuri, lakini baba yako! Hapa wakati uliopo unakwama, maana baba ameshakufa. Naiacha sentensi moja tu ya wakati uliopita: "Ton père chantait les yeux fermés." Baba yako alikuwa akiimba amefumba macho. Mtoto anasikia shant anayoijua, na mkia mpya nyuma yake. Hahitaji somo la njeo siku hiyo.

Kosa kubwa la waandishi wa matoleo mafupi ni kuruka hatua inayofuata. Wanamfanya jogoo afumbe macho yote mara moja, na akishakamatwa anaonekana mjinga tu. Katika kisa cha kale anafumba jicho moja. "Le coq ferme un œil." La pili linamwangalia mbweha. Jogoo anajua hatari iko wapi! Mbweha anasikitika kidogo: baba yako hakuimba hivyo. Ndipo jogoo anafumba la pili, na meno yanamkaa shingoni. Wasomaji wadogo hunyamaza kwenye lile jicho moja. Wengine huanza kulifumba lao.

Wanakijiji wanamkimbiza mbweha huku wakipiga kelele. Jogoo, akiwa mdomoni mwake, anamwambia: wanakutukana, nawe unanyamaza? "Parle!" Sema! Sasa mwandishi ana neno moja la kuamua. Mdomo wa mtu ni "bouche", wa mbweha ni "gueule", na "gueule" likielekezwa kwa mtu ni tusi. Waoga huandika "bouche". Mimi huandika "gueule" na kumweleza mtoto papo hapo, kwa sababu ndilo jina la mdomo wenye meno yale ya ndotoni. "Le renard ouvre la gueule." Jogoo anaruka, anatua juu ya mti.

Kutoka juu anakilaani kila jicho linalofumba wakati wa kuangalia. Kutoka chini mbweha anaulaani kila mdomo unaosema wakati wa kunyamaza. Pinte amesimama uani, na hakuna aliyemgeukia.