Dondoo Tano Kando ya Lenzi

Afisa ugani anayezungumza na wakulima chini ya mwembe bila kubabaika anaweza kuganda mbele ya simu yake mwenyewe. Mara nyingi kinachomgandisha ni hotuba aliyoikariri jana usiku. Maneno ya kukariri huja kwa kufuatana; moja likipotea, yote ya mbele yanapotea nalo. Hapo macho hupanda juu kulitafuta, sauti ikawa ya mtoto anayesoma darasani, na mtazamaji anaona.

Tuseme anataka kuonyesha jinsi ya kupima kwa chumvi kama mahindi yamekauka kiasi cha kuwekwa ghalani. Akiandika hotuba ataanza: “Ndugu wakulima, ni muhimu kuhakikisha unyevu wa nafaka umepungua.” Shambani hasemi hivyo hata siku moja. Afadhali achukue kalamu nene na kuandika haya tu:

Mbichi ghalani – ukungu
Chupa kavu, mahindi theluthi
Chumvi kavu vijiko 2–3, tikisa
Dakika 15
Imenata – anika tena

Dondoo zinamkumbusha jambo. Maneno anayapata papo hapo, kama anavyomjibu mkulima aliyemuuliza. Vipimo viandikwe, visiachiwe kumbukumbu. Sentensi ya kwanza nayo naona iandikwe nzima, tena fupi, maana mwanzoni ndipo moyo unapodunda zaidi: “Mahindi haya yanaonekana makavu. Hebu tuyapime.” Na chupa aishike tangu mwanzo, mikono ipate kazi.

Karatasi ikilala mezani, kila akiichungulia kope zinashuka na mazungumzo yanakatika. Aibandike ubavuni mwa lenzi, kwa herufi kubwa. Akitumia kamera ya mbele, macho yatakimbilia sura yake kwenye kioo cha simu, na woga utazidi. Kamera ya nyuma inaondoa tatizo hilo.

Arekodi dondoo moja moja. Aisome kimoyomoyo, ainue macho, avute pumzi, aseme, kisha anyamaze kidogo; kwenye kimya hicho ndipo video itakapokatwa baadaye. Akikosea arudie dondoo hiyo peke yake. Kujua kwamba kosa halimrudishi mwanzo kunapunguza woga zaidi kuliko mazoezi ya mbele ya kioo.

Mazoezi yenyewe yawe ya kumweleza mtu, jirani au mwenzake wa ofisini, mara mbili. Mara ya pili maneno yakitoka yaleyale, ameshaanza kukariri. Basi apunguze maneno kwenye karatasi, “Chumvi kavu vijiko 2–3, tikisa” ibaki “Chumvi 2–3”, halafu aanze kurekodi.

Kuna mahali dondoo hazifai. Kipimo cha dawa ya kuhifadhia nafaka na tahadhari zake visomwe neno kwa neno kutoka kwenye pakiti, nayo ishikwe mbele ya kamera ili mtazamaji aone kwamba inasomwa.