Jinsi ya kumwomba rafiki aliye ughaibuni akupokee na kukulaza

Anayemwandikia rafiki wa nje ya nchi kuomba kupokelewa uwanja wa ndege na kulala kwake huleta maombi mawili kwa pamoja. Rafiki anaweza kuwa na nafasi sebuleni lakini asubuhi hiyo yuko kazini, au ana gari lakini mkataba wake wa pango hauruhusu wageni. Kwa hiyo yatenganishwe, aweze kukubali moja na kukataa jingine.

Tuchukue mfano wa Neema wa Dar es Salaam, anayekwenda kwenye mafunzo Leeds, Uingereza, akipitia London. Anamwandikia hivi:

"Mpendwa Rehema, habari za siku nyingi? Shemeji na watoto hawajambo? Natarajia kutua Heathrow Jumamosi, 14 Novemba 2026, saa 06:30 kwa saa za London. Naomba kulala kwako usiku tatu. Jumanne tarehe 17 asubuhi nitapanda treni ya Leeds. Hata kochi linanitosha. Pia, kama una nafasi, naomba unipokee. Nina sanduku moja. Ukiwa na shughuli, nitapanda treni mwenyewe, unielekeze tu kituo cha kushukia. Tiketi sijakata, hivyo niambie bila wasiwasi kama haitawezekana. Naomba jibu kabla ya tarehe 20 Agosti, nijue anwani ya kuandika kwenye fomu ya viza. Wako, Neema."

Saa ndipo wengi wanapokosea. Kwa Kiswahili 06:30 ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Neema angeandika "saa 12:30 asubuhi", aliyezoea saa za Kiingereza angeweza kuelewa nusu saa baada ya usiku wa manane, na kufika uwanjani saa sita kabla ya ndege. Ndiyo maana tunashauri kunakili tarakimu za kwenye tiketi jinsi zilivyo. Novemba London iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa 3, na wakati wa kiangazi kwa saa 2.

Saa ya kutua pia si saa ya kutoka. Kuna foleni ya pasipoti, kisha kusubiri mizigo. Heathrow hairuhusu kupokea abiria kwenye eneo la kushushia. Anayempokea mgeni huegesha gari kwenye maegesho ya kulipia. Tiketi ikishakatwa, Neema atume namba ya ndege na ya jengo la abiria, ili Rehema afuatilie ndege na kuondoka nyumbani ikishatua.

Tarehe ya jibu nayo ina sababu. Fomu ya viza ya Uingereza huuliza mgeni atafikia wapi, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 3 kabla ya safari. Akijibiwa Agosti kwamba haiwezekani, Neema bado ana muda wa kutafuta nyumba ya wageni.