Je, Wajua? Pengo la Bei la Wikendi Halina Deni Nawe

Je, wajua kwamba bitkoini haifungi duka hata siku moja, lakini soko kubwa la Marekani linalouza mikataba yake ya baadaye hufungwa kila wikendi? Soko hilo ni Chicago Mercantile Exchange, ambalo wengi hulifahamu kwa herufi zake tatu, CME. Limekuwa likiuza mikataba ya bitkoini tangu Desemba 2017, chini ya usimamizi wa serikali ya Marekani. Ijumaa saa kumi jioni kwa saa za Chicago linafunga, na Jumapili saa kumi na moja jioni linafungua tena. Ni saa 49 za kimya. Kwetu Afrika Mashariki, wakati Chicago iko kwenye majira ya baridi, mlango hufungwa saa saba usiku wa kuamkia Jumamosi na kufunguliwa saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu.

Ndani ya saa hizo 49 bitkoini yenyewe inaendelea kuuzwa na kununuliwa duniani kote. Soko la Chicago likifunguliwa, halianzi pale lilipoishia. Linaruka hadi bei iliyopo. Nafasi tupu inayobaki kwenye chati kati ya bei ya mwisho ya Ijumaa na bei ya kwanza ya Jumapili ndiyo pengo, au gepu, kama wanavyoliita vijana wa chati. Ukikaa kwenye makundi ya wafanyabiashara wa mitandaoni, Dar au Nairobi, hutakosa kusikia kauli moja inayotamkwa kama amri: gepu lazima lijazwe. Yaani bei lazima irudi ilipoishia Ijumaa. Watu wanaweka fedha zao za ada na za kodi ya nyumba juu ya kauli hiyo, na ndiyo maana naandika kuihusu.

Je, wajua kwamba kauli hiyo ina ukweli ndani yake? Mapengo mengi hujazwa kweli, ila sababu yake ni ya kawaida kuliko inavyosimuliwa. Wikendi nyingi hupita bila habari kubwa, na pengo linaloachwa huwa dogo, pengine chini ya asilimia moja. Bitkoini hupanda na kushuka asilimia mbili au tatu kwa siku bila sababu yoyote ya maana. Weka alama popote karibu na bei ya leo, hata kwa kufumba macho, na kuna uwezekano mkubwa bei itaigusa kabla ya wiki kuisha. Alama hiyo haina mvuto wowote. Bei inazurura, na alama iko jirani.

Kuna wanaosema kwamba ndani ya pengo kumebaki oda ambazo hazikutimizwa, nazo ndizo zinazoivuta bei irudi. Kwa bitkoini hoja hii haisimami. Bei zote zilizomo ndani ya pengo zilishafanyiwa biashara wikendi hiyohiyo, kwenye masoko mengine yasiyofungwa. Pengo limo kwenye daftari la Chicago tu. Ili lijazwe, bitkoini yenyewe, kote duniani, lazima irudi kwenye bei ile.

Je, wajua pengo la takribani dola 9,000 liliwahi kujazwa ndani ya siku mbili? Ijumaa ya tarehe 28 Februari 2025 mikataba ya Chicago ilifunga kwenye takribani dola 85,000. Jumapili, tarehe 2 Machi, Rais Trump aliandika mtandaoni kwamba Marekani itakuwa na akiba ya sarafu za kidijitali, na bitkoini ikiwemo. Bei ikafyatuka. Chicago ilipofungua, bei ilikuwa takribani 94,000. Kufikia Jumanne, tarehe 4, ilikuwa imeshuka chini ya ile ya Ijumaa.

Kisa hiki ndicho wanachokitaja sana waumini wa gepu. Lakini angalia kilichotokea katikati. Jumatatu hiyo ilithibitishwa kwamba ushuru mpya wa Marekani kwa bidhaa za Kanada na Meksiko ungeanza kesho yake, na hisa za Marekani zikaporomoka, bitkoini ikazifuata. Wikendi wanunuzi na wauzaji ni wachache, kwa hiyo habari moja huisukuma bei mbali. Jumatatu fedha kubwa zinarudi kazini, na safari hii zilikutana na habari mbaya. Kilichojaza pengo ni habari ya pili kuifuta ya kwanza. Kama ushuru ungeahirishwa siku ile, sidhani kama pengo lingejazwa upesi hivyo.

Je, wajua kwamba agizo la kukata hasara halikulindi wikendi? Chukua mtu aliyeuza Ijumaa ile kwenye 85,000, akitarajia bei ishuke, akaweka agizo la kufungwa kwa biashara yake bei ikifika 87,000. Alilala akiamini hasara yake haiwezi kuzidi dola 2,000 kwa bitkoini moja. Lakini soko lilipofunguliwa usiku wa kuamkia Jumatatu, 87,000 haikuwepo. Ilirukwa. Agizo hutimizwa kwenye bei ya kwanza inayopatikana, nayo ilikuwa karibu 94,000. Hasara ikawa takribani 9,000. Na siku mbili baadaye, pengo lilipojazwa, yeye hakuwemo tena sokoni.

Sasa tuje kwenye pengo linalofundisha zaidi, na hapa naomba msomaji achukue kalamu.

Ijumaa ya tarehe 8 Novemba 2024, siku tatu baada ya uchaguzi wa Marekani, mikataba ya Chicago ilifunga karibu na dola 78,000. Jumapili ilifungua juu ya 80,000. Tuseme kijana wetu, mwenye imani kwamba gepu lazima lijazwe, anauza kwenye 81,000 na kusubiri bei irudi 78,000. Mkataba mkubwa wa Chicago ni wa bitkoini tano, mzigo mkubwa mno kwake. Anachukua mkataba mdogo ulioanzishwa mwaka 2021, ambao ni wa sehemu moja ya kumi ya bitkoini. Pengo likijazwa, atapata tofauti ya dola 3,000 mara sehemu moja ya kumi, yaani dola 300.

Kabla Jumatatu ya Chicago haijaisha, bei ilikuwa imeshapita 87,000. Kijana yuko chini kwa dola 600, mara mbili ya faida anayoisubiri. Na hasara ya mikataba hii haingoji uuze: kila jioni soko hukokotoa hesabu na kuikata kwenye akaunti yako. Dhamana ikipungua unatakiwa kuongeza fedha, la sivyo unafungiwa biashara. Wiki zikapita, bei inapanda tu. Tarehe 17 Desemba ilivuka 108,000. Hapo hasara yake ilikuwa dola 2,700. Kwa mwenye mkataba mkubwa, ilikuwa dola 135,000.

Pengo lile lilijazwa. Ndiyo, lilijazwa, Machi 2025, bei iliposhuka chini ya 78,000. Ilichukua miezi minne. Mtu anayehesabu mapengo ataliandika kwenye safu ya yaliyojazwa, na takwimu yake itapendeza. Kijana wetu, kama alikuwa na fedha za kuvumilia miezi minne, amepata dola 300. Kama hakuwa nazo, huenda amepoteza 2,700 au zaidi.

Je, wajua basi ni mapengo mangapi yanatakiwa kujazwa ili mtu huyu asipate hasara? Ukipata 300 kila ukishinda na kupoteza 2,700 ukishindwa mara moja, ushindi tisa unafutwa na kushindwa kumoja. Mapengo tisa kati ya kumi yakijazwa anarudi sifuri, na hapo ada za dalali bado. Kwa hiyo mtu akikwambia mapengo mengi hujazwa, muulize maswali mawili: ndani ya siku ngapi, na bei ilikwenda mbali kiasi gani kabla ya kurudi? Takwimu isiyojibu maswali haya haikusaidii kitu sokoni.

Wanahisabati wana mfano unaofaa hapa. Rusha shilingi, ikiangukia kichwa songa hatua moja mbele, ikiangukia upande mwingine rudi hatua moja nyuma. Ukirusha bila kikomo, imethibitishwa kwamba utarudi ulipoanzia. Imethibitishwa vilevile kwamba wastani wa muda wa kusubiri hauna mwisho. Mambo yote mawili ni kweli kwa pamoja. Kwa hiyo kurudi kwa bei pekee si ushahidi kwamba pengo lina nguvu ya kuivuta.

Je, wajua pia kwamba mkataba unaweza kufa kabla ya pengo kujazwa? Mkataba wa baadaye una tarehe ya mwisho. Ule wa Novemba 2024 uliisha tarehe 29 mwezi huohuo. Kufikia Machi kijana wetu angekuwa amehama mkataba mara nne. Chati aliyokuwa akiitazama ilikuwa ya mikataba mitano iliyoshonwa pamoja, lakini chati haikuonyesha mshono.

Soko la mafuta linaonyesha jambo hili wazi zaidi. Ijumaa ya tarehe 6 Machi 2020 wazalishaji wakubwa walishindwa kukubaliana kupunguza uzalishaji, na wikendi hiyo Saudi Arabia ikashusha bei zake. Mafuta ghafi ya Marekani ya mkataba wa Aprili yalikuwa yamefunga kwenye dola 41.28 kwa pipa. Jumatatu yalifunga kwenye 31.13. Mkataba ule uliisha tarehe 20 Machi bila bei kurudi hata karibu na 41. Miezi kadhaa baadaye mafuta yalifika tena kwenye bei ile, na chati iliyoshonwa ikaonyesha pengo limejazwa. Kwa aliyekuwa ameshika mkataba wa Aprili halikujazwa, wala halitajazwa.

Huenda mapengo ya wikendi ya bitkoini yakabaki historia. Oktoba 2025 CME ilitangaza kwamba inakusudia kuuza mikataba ya sarafu za kidijitali mchana na usiku, siku zote saba, kuanzia 2026, ikipata idhini ya wasimamizi. Ya zamani hata hivyo yatabaki kwenye chati, likiwemo moja la Julai 2020. Wikendi ile bitkoini iliruka kutoka dola 9,600 na ushei hadi karibu 9,900, na kesho yake ikafika 11,000. Septemba mwaka huohuo ilishuka chini kidogo ya 10,000, na waliokuwa wakisubiri 9,600 wakaweka maagizo yao ya kununua. Haikufika. Novemba 2021 ilikuwa karibu 69,000. Hata kwenye anguko la 2022, lililowafilisi wengi, haikushuka chini ya 15,000.

Maagizo yale ya 9,600 hayajatimizwa mpaka leo.